Abdallah Ndiye Nani?

Mjomba wangu alipofariki, kazi ya kuandika tangazo niliachiwa mimi. Si ndiye mwandishi wa habari? Nikaandika kama nilivyozoea kazini: jina lake, la baba, la babu, nyumba, saa ya mazishi. Asubuhi nikalituma kwenye kundi la Wasapu la mtaa wetu, Tanga. Tukazika baada ya Alasiri.

Siku ya tatu akaja mzee mmoja aliyeuza naye samaki zaidi ya miaka ishirini. Tangazo alilisoma, akalipita. "Mwanangu," akaniambia, "Abdallah ndiye nani? Mimi namjua Dula."

Sikuwa na la kumjibu. Tangu siku ile nimekuwa nikiyasikiliza majina yetu mafupi kwa sikio jingine.

Chukua hilo la Dula. Mtaani hakuna anayetamka Abdallah, watu husema Abdulla, na sauti inapanda kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama ilivyo kawaida ya Kiswahili. Kata kilichotangulia, anabaki Dula. Khadija naye anakatwa hapohapo: Dija, ndilo jina mjomba alilokuwa akiniita. Fatuma anakuwa Tuma, Josefina anakuwa Fina. Njia ya pili ni kubakiza mwanzo: Selemani ni Sele, Ramadhani ni Rama. Wapo wasiofuata njia yoyote, kama Mohamedi anayegeuka Mudi. Lakini hesabu silabi: mbili, mbili, mbili. Silabi moja kwetu haijitoshelezi. Ndiyo maana tunasema "anakula" na siyo "anala". Ile -la ni nyepesi mno, inaegemezwa kwenye ku-. Mapenzi yetu hukata jina, ila hayalikati mpaka lishindwe kusimama.

Warusi wao hukata, kisha hurefusha. Nililijua hilo kwa tabu, nikisoma riwaya ya Dostoyevski ya mwaka 1866, ile ya mwanafunzi anayeua kwa shoka. Kurasa nyingi za mwanzo nilidhani Avdotya, Dunya na Dunechka ni wanawake watatu. Kumbe ni mmoja, dada wa muuaji. Avdotya ni jina la heshima, linaloandamana na jina la baba. Likikatwa na kugeuzwa linakuwa Dunya, la nyumbani (na hapo nikamwona Dula!). Halafu juu ya hilo fupi kinapachikwa kiambishi cha kubembeleza: Dunechka. Sofya vilevile anakuwa Sonya, kisha Sonechka. Ukishazoea, huhitaji kuambiwa nani anampenda nani katika ukurasa ule. Jina limeshasema.

Nikajiuliza, hiyo Dunechka ningeiandikaje kwa Kiswahili? Kiambishi cha udogo tunacho, ki-, tena kwa vitu kinapendeza: kijumba, kijiko. Kwa mtu ni hatari. Kijitu si mtu mdogo unayempenda, ni mtu uliyemdharau. Ningemwita mjomba Kidula angeniuliza amenikosea nini. Sisi mapenzi tunayaweka nje ya jina. Tunaliweka neno la udugu mbele, Mjomba Dula, au tunaliweka "wangu" nyuma. Bibi alipomwita mwanawe, alisema "Dula wangu", hata mwana alipokuwa na mvi. Kwa hiyo Dunechka, kinywani mwa mama yake, mimi ningemwandika "Dunya wangu", nikatulia.

Jina fupi lina upungufu wake, na tangazo langu halikukosea lote. Njia ya kurudi haipo. Kutoka Abdulla utafika Dula, lakini ukipewa Dula peke yake huwezi kujua alianzia Abdulla, Abdulrahmani au Abdulkarimu. Mtaani kwetu tu walikuwapo akina Dula watatu. Ofisi ya ardhi, benki na cheti cha kifo haviwezi kufanya kazi na jina la namna hiyo. Lile refu linamtenga mtu na wengine wote. Lile fupi linatosha kwa wanaomjua tayari, na mazishini ndio hasa wanaohitajika.

Ilipofika hitima niliandika tangazo jingine. Nikaanza na jina kamili, la baba na la babu, kisha nikaongeza: "Mjomba Dula wa samaki." Kabla sijaliweka simu chini, majibu yakaanza kuingia. Wengi wao walikuwa wakiuliza swali lilelile: amefariki lini?