Sikuijua Kawaida ya Laini Yangu

Kwa miaka mingi nilitunza mtandao wa shule moja huku Kibosho, juu ya Moshi, unaopokea intaneti kwa antena kutoka mjini. Mwalimu akilalamika kwamba mtandao ni mzito, nilizima swichi na ruta, nikawasha tena. Sikujua kwamba kila nilipozima, hesabu za makosa zilizotunzwa humo zilirudi sifuri, na ushahidi wa ugonjwa ukapotea.

Siku moja alikuja fundi mzee kukagua antena. Nikamwonyesha kwa hofu mlango wa swichi uliokuwa na makosa 9,000. Akaniuliza, "Mwanangu, jana yalikuwa mangapi?" Sikuwa na jibu. Hakunigombeza. Alikaa nami mpaka jioni, akanieleza kwamba namba ile ni jumla tangu kifaa kiwashwe. Soma leo, soma kesho saa ileile, kisha toa. Hiyo tofauti ndiyo habari yenyewe. Akaniagiza pia nitengeneze kwanza vilivyoharibika waziwazi, maana ukianza kupima laini ikiwa na ugonjwa, utauita ugonjwa kawaida.

Nikanunua daftari. Mwanzoni nilichoka, kurasa nyingine zikabaki tupu. Lakini kawaida ilijitokeza pole pole: siku za masomo, saa nne asubuhi, laini yetu ya megabiti 20 hutumika kwa asilimia 60 hivi, Jumamosi haifiki 10. Ndiyo maana nilijifunza kulinganisha Jumatatu na Jumatatu, likizo na likizo. Makosa kwenye milango mingi yalikuwa sifuri.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari. Kesho yake malalamiko yalimiminika. Nikafungua daftari kabla ya kugusa kitu. Saa nne matumizi yalikuwa asilimia 15 tu, na makosa hayakuongezeka hata moja. Watu wanasubiri, laini haijajaa, waya wetu ni mzima: basi kizuizi kiko mbele yetu. Nikamwambia mkuu wa shule tusubiri, na sikuzima chochote.

Miezi kadhaa baadaye alilalamika mhasibu peke yake. Matumizi yalikuwa yaleyale ya kila siku, ila mlango wake, ambao kwenye daftari ulikuwa na sifuri, ulikuwa umeongeza makosa 4,000 tangu asubuhi. Kichwa cha waya kilikuwa na kutu. Nilikikata, nikabana kipya, na kesho yake makosa hayakuongezeka.

Namshukuru Mungu kwa mzee yule, ambaye hakunidai hata nauli. Ndugu yangu fundi, kama bado unazima na kuwasha, leo laini ikiwa nzima na hakuna anayelalamika, andika namba zake pamoja na saa. Siku ya malalamiko utakuwa umechelewa kuzipata.