Asilimia ya Nini?



Jumamosi iliyopita wanafunzi wa darasa la saba na la nane walirudi nyumbani na karatasi ya mazoezi yenye maswali saba juu ya ongezeko na punguzo la asilimia. Wazazi kadhaa wameniuliza kwa nini swali la nne limetiwa alama ya kosa karibu kwa kila mtoto. Nimeona nieleze hapa, kwa sababu kosa lile nalijua vizuri. Mimi mwenyewe nililifanya, tena kwa fedha ya mtu.

Swali lenyewe lilikuwa hili: Koti la baridi liliuzwa dola 80. Duka likapunguza bei kwa asilimia 25. Mwezi uliofuata duka likairudisha bei ya kwanza. Je, safari hii bei iliongezeka kwa asilimia ngapi?

Wanafunzi walikuwa kumi na wanne. Kumi na mmoja waliandika 25. Ukiwauliza sababu, walijibu kwa uhakika kabisa: bei imeshuka 25, ikapanda 25, imerudi ilipokuwa. Inasikika kama kupanda na kushuka ngazi. Ukishuka vidaraja vitano, unapanda vidaraja vitano na umefika.

Kijana mmoja wa nyuma naye alikuwa ameandika 25, lakini akaamua kujaribu jibu lake kwenye kikokotoo. Asilimia 25 ya 80 ni 20, kwa hiyo koti lilishuka hadi dola 60. Hapo sawa. Kisha akachukua asilimia 25 ya 60, akapata 15. Akajumlisha, akapata 75. Akainua mkono akauliza, "Mwalimu, dola tano zimeenda wapi?"

Darasa zima lilicheka, lakini hilo ndilo swali bora nililoulizwa mwaka huu. Dola tano hazikwenda popote. Kilichobadilika ni kile kiasi tunachokikata vipande mia. Wakati wa kushuka, tulikata 80. Wakati wa kupanda, koti lilikuwa na bei ya 60, kwa hiyo tulikata 60. Vipande vya 60 ni vidogo kuliko vipande vya 80, basi ukichukua 25 tu hawafiki. Ili kupata dola 20 kutoka kwenye 60 unahitaji vipande zaidi: 20 gawanya kwa 60 mara 100, yaani asilimia 33 na theluthi.

Kiswahili chetu kinalisema jambo hili kwa wepesi tukitumia maneno ya zamani ya sehemu. Dola 20 ni robo ya 80. Dola 20 hizohizo ni theluthi ya 60. Fedha ni ileile, lakini jina lake linategemea imetolewa kwenye fungu gani.

Kiasi kile tunachokikata vipande mia huitwa kiasi cha msingi, au kiasi cha awali. Tamka neno "asilimia" polepole, na utasikia ndani yake maneno mawili: asili na mia. Hiyo ndiyo njia ninayotaka mkumbuke. Kabla ya kugusa mia, tafuta asili. Bei ilianzia wapi? Hapo ndipo pa kugawanyia.

Sasa niwaambie habari yangu.

Baada ya sherehe yetu ya mwisho wa muhula, mama mmoja aliniletea risiti ya sahani za karatasi, vikombe na vitambaa vya meza alivyonunua kwa fedha zake. Tulikubaliana kwamba mfuko wa sherehe utamrudishia bei ya vitu bila kodi, na kodi ataichangia yeye. Risiti ilikuwa imekaa kwenye gari tangu kiangazi na wino wake ulikuwa umefifia. Kilichosomeka ni jumla ya chini tu: dola 226, pamoja na kodi ya HST.

Hapa Ontario HST ni asilimia 13, na imekuwa hivyo tangu tarehe 1 Julai 2010. Mimi nikafanya lililoonekana wazi. Nilichukua asilimia 13 ya 226, nikapata dola 29 na senti 38. Nikaitoa, zikabaki dola 196 na senti 62. Nikamhesabia mama yule fedha zake, akashukuru, akaenda.

Usiku nikiandika daftari la mfuko, nilitaka kuhakikisha. Nikachukua 196.62 nikaiongezea asilimia 13. Nilitarajia kurudi kwenye 226. Nikapata 222 na senti 18. Nikafuta, nikarudia, jibu likabaki lilelile. Karibu dola nne zilikuwa zimepotea, kama dola tano za yule kijana.

Kosa lilikuwa moja na lao. Muuza duka hakukata kodi kwenye 226. Aliikata kwenye bei ya vitu, kabla ya kodi, ambayo mimi sikuwa nayo. Ile bei ndiyo ilikuwa asili. Kwake bei ilikuwa vipande 100, na kodi ilikuwa vipande 13 juu yake. Kwa hiyo 226 yangu haikuwa vipande mia, ilikuwa vipande 113. Ukilijua hilo, kazi inakuwa nyepesi: 226 gawanya kwa 113 ni 2. Kila kipande ni dola mbili, na vipande mia ni dola 200. Kwenye kikokotoo unaweza kufupisha kwa kugawanya moja kwa moja:

226 ÷ 1.13 = 200

Hakiki: asilimia 13 ya 200 ni 26, na 200 na 26 ni 226. Imerudi nyumbani. Nilikuwa nimempunja mama yule dola 3 na senti 38. Ni fedha kidogo, lakini hakuwa na njia ya kujua, na aliniamini kwa sababu mimi ndiye mwalimu wa hesabu. Jumamosi iliyofuata nilimpa bahasha na kumweleza. Akacheka, akaniambia, "Basi wafundishe na hao watoto, wasije wakanipunja uzeeni." Karatasi ya mazoezi ilitokana na maneno hayo.

Wazazi, msidhani ni jambo la watoto peke yao. Mnakumbuka mabishano yetu ya chai mwaka 2024, shilingi ya Kenya ilipopata nguvu ghafla? Mwanzoni mwa mwaka dola moja ya Marekani ilikuwa ikibadilishwa kwa karibu shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka ilikuwa karibu 130. Baba mmoja alisema dola imepoteza kama asilimia 19. Mwenzake akasema hapana, yeye sasa anatumia asilimia 23 zaidi kuwatumia wazee kiasi kilekile. Kila mmoja aliona mwenzake hajui hesabu.

Wote wawili walikuwa sahihi. Wa kwanza alianza na dola zake mia. Zamani zilimpa shilingi 16,000, sasa zinampa 13,000. Zimepungua 3,000, na asili yake ni 16,000. Hiyo ni asilimia 18.75. Wa pili alianza na shilingi 16,000 ambazo lazima zifike nyumbani kila mwezi. Zamani zilimgharimu dola 100, sasa zinamgharimu dola 123. Nyongeza ni 23, na asili yake ni 100. Hawakuwa wakibishana juu ya hesabu. Walikuwa wakijibu maswali mawili tofauti, na hakuna aliyemuuliza mwenzake: asilimia ya nini?

Sasa nije kwa swali la sita, ambalo nimelifuta na kila mtu nimempa alama yake. Niliandika: Darasa moja lina wanafunzi 40 na jingine lina 50. Tofauti yao ni asilimia ngapi? Binti mmoja aliandika 20, rafiki yake akaandika 25, wakaniletea karatasi pamoja wakitaka niamue. Sikuweza kuamua. Tofauti ni wanafunzi kumi, hilo halina ubishi. Lakini kumi ni robo ya 40, na ni sehemu moja kati ya tano za 50. Swali langu halikusema tuanzie wapi, na swali lisilo na asili halina jibu la asilimia. Kosa lilikuwa la mwalimu.

Ningeliandika hivi, lingekuwa na jibu moja tu: Darasa la pili lina wanafunzi wengi kuliko darasa la kwanza kwa asilimia ngapi? Neno "kuliko" linakuelekeza. Kinachofuata baada yake, yaani darasa la kwanza, ndicho asili, kwa hiyo unagawanya kwa 40 na jibu ni 25. Geuza sentensi: Darasa la kwanza lina wanafunzi wachache kuliko la pili kwa asilimia ngapi? Sasa asili ni 50, na jibu ni 20. Neno "kutoka" nalo hufanya kazi hiyohiyo katika bei inayopanda "kutoka 60 hadi 80", na neno "ya" katika "asilimia 13 ya bei". Watoto wangu, hapa ndipo Kiswahili chenu kinapowasaidia kwenye hesabu. Mkisoma swali, pigieni mstari "kuliko", "kutoka" au "ya", kisha mtazame kinachofuata.

Na mkimaliza, msiniletee jibu kabla halijarudi nyumbani. Chukueni asilimia mliyopata, mwitumie kwenye kiasi cha awali, na mwone kama mnafika pale swali linaposema. Mkifika 75 badala ya 80, au 222 badala ya 226, asili si ile mliyodhani.

Kwa wiki ijayo, kila familia ijibu swali moja mezani. Gunia la mchele lilipanda kutoka dola 40 hadi dola 50, kisha likashuka tena hadi dola 40. Lilipanda kwa asilimia ngapi, na likashuka kwa asilimia ngapi? Baba na mama wajibu kwanza, bila kikokotoo. Watoto wasahihishe. Na mwenye risiti ya zamani ambayo imebaki jumla tu, aje nayo darasani, tutaitafutia bei yake ya kabla ya kodi.

Mwalimu wenu wa hesabu