Folio namba 28

Mama aliandika barua tatu na hakujibiwa hata moja. Ya nne niliiandika mimi, nikiwa na digrii yangu na miaka kadhaa ya kuandika habari gazetini, na hiyo nayo haikujibiwa. Nilipeleka kurasa mbili zenye hoja na hasira ya kutosha. Kichwa chake kilikuwa "YAH: MALALAMIKO", na mwisho nilisaini "Wako aliyechoka". Nilijiona nimemaliza kazi.

Shida yenyewe ilikuwa malimbikizo ya mshahara wa baba. Alipandishwa daraja, mshahara mpya ukachelewa kuingia kwa miezi saba, na ile tofauti akaambiwa atalipwa. Mwaka 2018 akafariki, hajalipwa. Mahakama ya Mwanzo ikamteua mama kuwa msimamizi wa mirathi, na hapo ndipo barua zikaanza kutoka kwetu Usagara, hapa Tanga, kwenda kwenye ofisi aliyofanyia kazi baba.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa na miaka mingi ya kazi masjala kabla ya kustaafu na kuhamia Pangani. Mama hakumwambia kitu. Hakutaka wifi yake ajue kwamba hela imekata. Mwanzoni mwa 2021 shangazi alikuja kututembelea, akaziona nakala juu ya kabati, akavaa miwani. Alizisoma zote nne kimya kimya, kisha akauliza swali moja tu: "Kumb. Namba iko wapi?"

Nikamjibu kwamba sisi ni raia wa kawaida, raia hana kumbukumbu namba.

"Wewe huna, mwanangu. Kaka yangu anayo."

Akaomba mkoba wa baba. Ndani yake kulikuwa na barua ya ile ofisi ya tarehe 14 Juni, 2016, inayomjulisha kupandishwa daraja. Juu kushoto, mahali ambapo macho yangu yalikuwa hayatui kabisa, paliandikwa "Unapojibu tafadhali taja", na chini yake ile Kumb. Na. iliyoishia na PF.1132/27.

Shangazi akanifafanulia kama anayemfundisha mtoto hesabu. PF ni jalada binafsi la mtumishi, na 1132 ndiyo namba ya jalada la baba. 27 ni folio: kila karatasi inayoingia kwenye jalada, iwe imetoka nje au imeandikwa hapo hapo ofisini, hupewa namba kwa mfuatano. Kwa hiyo barua ile ilikuwa karatasi ya ishirini na saba katika maisha ya baba pale kazini.

Barua ikifika masjala, karani haisomi kama wewe unavyosoma riwaya. Anaigonga mhuri wa kupokelewa, anatazama Kumb., anatazama Yah., halafu analitafuta jalada. Akilipata, barua inafungwa ndani na jalada linapelekwa kwa afisa anayehusika, ambaye analifungua na kukuta historia yote iko pale. Asipopata pa kuiweka, barua inakwenda kwenye jalada la mambo ya jumla.

"Na hii yako," alisema akiinyanyua ile ya kurasa mbili, "umeipeleka mwenyewe kwa malalamiko. Malalamiko yana jalada lake, tena nene."

Ya mama nazo zilikuwa na kasoro zake. Mbili alimwandikia bosi kwa jina lake, kwa sababu alimfahamu tangu baba yu hai. Bosi alikuwa ameshahamishwa. Barua ya ofisi huandikiwa cheo, maana mtu huhama na cheo hubaki. Iliyoandikiwa jina huenda ikahesabiwa ya binafsi, ikakaa kando bila kufunguliwa ikimsubiri mwenyewe. Ya tatu ilichanganya malimbikizo, gharama za mazishi na ombi la ajira ya mdogo wangu. Shangazi alicheka kidogo: mambo matatu ni majalada matatu, na karatasi ni moja, itaingia lipi?

Usiku ule tukaandika upya. Yeye akisema, mimi nikichapa.

S.L.P. ...,
TANGA.
8 Machi, 2021.

Mkurugenzi,
S.L.P. ...,
TANGA.

YAH: MALIMBIKIZO YA MSHAHARA YA MAREHEMU ..., CHEKI NAMBA ...

Tafadhali rejea barua yako yenye Kumb. Na. .../PF.1132/27 ya tarehe 14 Juni, 2016.

Baada ya hapo aya mbili fupi. Ya kwanza ilieleza kinachodaiwa, cha miezi ipi. Ya pili ilitaja viambatisho: nakala ya cheti cha kifo na ya barua ya usimamizi wa mirathi. Mwisho, "Naomba kuwasilisha."

Tulibishana kwenye saini. Mimi nilitaka jina tu. Mama alitaka "Wako katika ujenzi wa taifa", maana baba alimalizia hivyo barua zake zote za kazi. Nikasema hayo ni maneno ya kizamani. Mwaka 1967 Rashidi Kawawa, akiwa Makamu wa Pili wa Rais, aliagiza shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili. Kiunzi cha barua kilibaki kilekile cha Mwingereza, jalada na folio zake, ila maneno yakawa ya zama zile, "Ndugu" na "ujenzi wa taifa". Shangazi alisema masjala hawajali umesaini "Wako mtiifu" au "Wako katika ujenzi wa taifa", mradi jina na saini vinasomeka na cheo kipo chini yake: msimamizi wa mirathi. Bila cheo hicho afisa angejiuliza huyu mama ni nani hata apewe habari za mtumishi. Basi mama akaandika yake, kwa mkono wake.

Asubuhi tulipeleka nakala mbili. Moja ikabaki kwao, ya pili ikagongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, tukarudi nayo.

Jibu lilikuja wiki ya sita. Mama aliisoma aya ya katikati, iliyosema madai yanahakikiwa na tulete nakala ya hati za mishahara za miezi husika. Shangazi, niliyempigia simu Pangani, aliniuliza kitu kingine: "Kumb. yao inaishia na ngapi?"

Nikatazama. PF.1132/29.

Akakaa kimya kidogo. Ile ya 2016 ilikuwa 27. Jibu hili ni 29. Kati yao kuna nafasi ya karatasi moja tu, nayo ni barua yetu ya Machi. Barua tatu za mama na ile yangu ya kurasa mbili hazikuwahi kuingia kwenye jalada la baba. Miaka yote ile tulidhani kuna mtu amekaa ofisini akitunyima majibu kwa makusudi. Afisa mwenye jalada hakuwahi hata kuziona.

Malipo yalitoka mwaka uliofuata, pungufu ya miezi miwili ambayo hati zake hatukuzipata. Mama ameandika kuidai. Nilipokwenda nyumbani mara ya mwisho nilikuta ana jalada lake mwenyewe, la rangi ya kaki, na kila karatasi ameipa namba kwa kalamu nyekundu kwenye pembe ya juu kulia. Barua yangu ya "Wako aliyechoka" ameiweka pia. Ni folio namba 4.