Aya ya Msamaha Inasema na Nani?

Kigango tunakofanya utume siku za Jumapili kina familia chache, na kwaya yake huimba kwa madaftari yaliyonakiliwa kwa mkono. Mwaka huu tuliombwa tuwaandalie kitabu kidogo cha nyimbo, na juu ya kila wimbo tuweke aya ya Biblia ambayo kiongozi ataisoma kabla kwaya haijaanza. Sehemu ya msamaha ina nyimbo 9 tu, lakini ndiyo iliyotuchukua muda mrefu kuliko zote.

Njia ya mkato ni kufungua itifaki ya Biblia, kutafuta neno "samehe" na kuchukua aya zinazojitokeza. Shida ni kwamba neno hilo hubeba mambo matatu. Kuna mtu anayemwomba Mungu msamaha, kuna Mungu anayesamehe, na kuna mtu anayeagizwa amsamehe mwenzake. Tena mfano wa mwana mpotevu katika Luka 15 hauna neno "samehe" hata mara moja. Msamaha unaonekana kwa baba anayekimbia kumlaki mwanawe. Kwa hiyo tulianza na wimbo wenyewe. Tulisoma beti zake na kuuliza: hapa nani anasema na nani? Wimbo wa toba ukapata Zaburi 130, wimbo wa shukrani ukapata Zaburi 103:8-12, na wimbo wa kupatana ukapata Wakolosai 3:13.

Zaburi ya 51 ilitaka uangalifu zaidi. Kwanza ni namba zake. Katika hesabu ya Vulgata zaburi hiyo ni ya 50, na Biblia nyingine huhesabu kichwa chake kuwa aya mbili za kwanza, hivyo ombi la kuhurumiwa huanza aya ya 3 badala ya 1. Msomaji akipewa namba tu anaweza kusoma maneno mengine kabisa. Tuliamua kuandika maneno yenyewe ya aya, kisha namba kama ilivyo katika Biblia inayotumika kigangoni.

La pili ni zito zaidi. Katika zaburi hiyo mwenye kutubu anasema kwamba amemkosea Mungu peke yake. Lakini kichwa cha zaburi kinataja nabii Nathani kumjia Daudi baada ya kosa lake na Bathsheba, na sote tunajua kwamba Uria, mume wa mwanamke huyo, aliuawa. Dhambi ile ilikuwa na jeraha la binadamu. Aya hiyo ikisomwa peke yake mahali ambapo watu wawili wamegombania mpaka wa shamba, mkosaji anaweza kuondoka akiamini kwamba yeye na Mungu wamemaliza, na jirani hahusiki. Kwa hiyo juu ya wimbo wa toba tulichukua ombi la moyo safi kutoka zaburi hiyo, na juu ya wimbo wa matoleo tukaweka Mathayo 5:23-24, ambapo Yesu anamwagiza mtu aache sadaka yake mbele ya altare, aende kwanza akapatane na ndugu yake. Aya hiyo imefika mahali pake, kwa maana inasikika watu wakiwa wameshika matoleo mkononi.

Tulibishana zaidi juu ya Mathayo 18:21-22, pale Petro anapouliza asamehe mara ngapi. Wengi wetu tuliitaka, kwa kuwa inajulikana na ni fupi. Mwenzetu mmoja akauliza: mama anayepigwa nyumbani ataisikiaje? Ataisikia kama amri ya kurudi kupigwa tena. Tukarudi nyuma aya chache. Kabla ya swali la Petro, katika aya ya 15 hadi 17, Yesu amekwisha kuagiza kwamba aliyekosewa amwendee mkosaji na kumwonya. Asiposikia, aende na mashahidi. Asiposikia tena, aliambie Kanisa. Kusamehe hakukufuta kusema ukweli. Tukachagua Luka 17:3, ambayo katika aya moja ina kuonya, kutubu na kusamehe, kwa mpangilio huo.

Hatukuitupa Mathayo 18. Jumapili ya 24 ya Mwaka A, sura hiyo husomwa pamoja na Yoshua bin Sira 28 na Zaburi 103, na padre huwa na nafasi ya kuieleza. Aya iliyo juu ya wimbo haina mahubiri ya kuifuata. Husomwa kwa nusu dakika, kinanda kikaanza, na kila mtu hubaki nayo kama alivyoisikia. Ndiyo maana kabla ya kuandika aya yoyote tulimsomea kwanza mmoja wetu kwa sauti, peke yake, bila sura inayoizunguka, kisha tukamwomba atuambie imemwagiza kufanya nini.