Kikundi Kizima Kiliandika 4.94

Binamu yangu alinitumia picha ya asaimenti ya kemia saa nne usiku, mwisho wa kuwasilisha ukiwa saa sita. Jibu lake lilikuwa pH 4.94. "Kikundi chetu chote kimepata hiyo," akaandika. "Nibadilishe peke yangu?"

Swali lenyewe: changanya mililita 50 za asidi ya asetiki ya 0.20 M na mililita 50 za asetati ya sodiamu ya 0.20 M. Kisha ongeza mililita 2 za HCl ya 1.0 M. pH ni ngapi? pKa ni 4.76.

Nikamwambia aanze bila HCl. Mililita 50 za 0.20 M ni milimoli 10, kwa hivyo asidi na asetati ziko sawa. Uwiano ni moja, log ya moja ni sifuri, na pH inabaki 4.76. Sasa umemwaga asidi kali, halafu pH imepanda hadi 4.94? Asidi gani hiyo, bana?

Akanyamaza kidogo. "Aah. Lazima ishuke."

Mlinganyo wa Henderson na Hasselbalch haujui kama umeongeza HCl. Hiyo kazi unaifanya wewe kwanza, kwa kuhesabu moli. HCl imeleta milimoli 2 za H⁺, na karibu zote zinanyakuliwa na asetati, kwa sababu asetati ni besi ya asidi dhaifu na inazipenda sana. Kwa hivyo asetati inapungua kutoka 10 hadi 8. Lakini haipotei hewani: kila moja iliyoshika H⁺ imegeuka asidi ya asetiki, na hiyo inapanda hadi 12. Wengi hutoa upande mmoja na kusahau kuongeza upande wa pili.

Ndipo unaweka kwenye mlinganyo:

```
pH = 4.76 + log(8/12) = 4.58
```

Besi iko juu, asidi iko chini. Wao walikuwa wameweka 12/8, ndiyo maana log ikawa chanya. Ujazo wa mililita 102 hauhitajiki hapa, kwani zote mbili ziko kwenye chupa moja na unajikata wenyewe.

Hiyo HCl ingemwagwa kwenye mililita 100 za maji safi, pH ingekuwa kama 1.7. Bafa imeshuka 0.18 tu.

"Na nikiweka mililita 12?" akauliza. Hapo milimoli 12 zinakutana na asetati 10. Asetati imeisha, na ukilazimisha mlinganyo, kalkuleta itakuandikia eraa, kwa sababu log ya namba hasi haipo. Sahau bafa: hesabu milimoli 2 za HCl zilizobaki ndani ya mililita 112, upate karibu 1.75.

Saa tano na dakika hamsini akawasilisha 4.58, peke yake.