Zile 4,000 ambazo sikuziandika

Leo wacha niwape kisa cha nyumbani kwangu. Mama Mchungaji amenipa ruhusa.

Mwaka wa 2009, mwezi wa tatu wa ndoa yetu, tulikuwa tunaishi chumba kimoja Nakuru. Jioni moja mke wangu akaleta daftari, akasema, "Leo tupange mshahara." Mimi nilikuwa napata 18,000, yeye 14,000. Tukaandika 32,000 juu ya ukurasa. Tukatoa fungu la kumi, kodi ya nyumba, chakula, nauli, stima, chama chake na akiba kidogo. Zikabaki 4,000.

Akatabasamu. "Kumbe tunaweza kununua meko ya gesi! Sasa mwezi jana hizi zilienda wapi?"

Nikanyamaza. Kila mwisho wa mwezi nilikuwa namtumia mama 4,000 kwa M-Pesa, karo ya ndugu yangu aliyekuwa kidato cha nne. Sikuwa nimemwambia. Aliponibana nikasema, kisha nikaongeza neno baya: "Hiyo ni pesa yangu, na yule ni mama yangu."

Akafunga daftari. "Basi hata 14,000 ni zangu." Ugali ukapoa mezani. Tukalala tumepeana migongo.

Asubuhi, akichemsha chai, aliongea bila kunitazama. "Baba alikuwa na madeni tusiyoyajua. Tuliyajua siku watu walipokuja kuchukua ng'ombe. Sikatai mama asaidiwe. Naogopa kufichwa."

Hapo nami nikasema ukweli. Nilificha kwa sababu niliogopa ataniambia niache, nami nitalazimika kuchagua kati yake na mama. Akacheka kidogo, macho yakiwa na machozi. Kumbe naye alikuwa anatoa 500 kwenye pesa ya chakula, anamtumia mama yake.

Tukafungua daftari tena. Tukaandika mstari mpya: Wazazi, 4,000. Mama yangu 3,000, mama yake 1,000. Nilimpigia mama simu nikamweleza kwamba zimepungua. Akasema, "Mwanangu, mbona hukuniambia mmebanwa?" Meko ya gesi ilingoja mpaka ndugu yangu alipomaliza shule.

Tangu siku hiyo, kabla ya kuandika kodi, kila mmoja wetu husema kwanza mambo mawili: nani ananitegemea, na nani ananidai. Tukianza na kodi na chakula, hesabu inatoka sawa kwenye karatasi, lakini mwisho wa mwezi pesa inakosekana na hakuna anayejua ilikokwenda. Na tunakaa kabla mshahara haujaingia, tukiwa tumeshakula.

Wewe uliyeoa juzi, na wewe uliyeolewa: kuna mstari gani ambao haumo kwenye daftari lenu? Usimwandikie mchungaji hapa. Mwambie mwenzako leo jioni.

Mbarikiwe.