Mpira Wenye Madoa ya Ng'ombe: Ukitaka Akili Mnemba Ikuchoree Jezi, Isimulie Hivi

Wadau, mashine ya kuchora picha haijui kuhesabu. Ukilishika hilo, nusu ya kazi imeisha.

Nimelijua kupitia kazi ya staa mmoja wa hapa mjini, jina kapuni, mwenye timu yake ya ndondo. Alipost bango la jezi mpya lililochorwa na akili mnemba, mashabiki wakashuka naye. Madoa meusi ya mpira yamegandana kama ngozi ya ng'ombe, nembo iko upande usio wake, na jina la mdhamini halisomeki. Mdhamini ndiye analipia jezi zote 18, akachukia. Meneja akanipigia: "Dogo, kesho jioni anataka picha nyingine. Asipoielewa, anajitoa."

Nikaanza na mpira. Watu wengi huandika tu "mpira wa vipande 32". Namba ni sahihi kabisa: ule mpira mweusi na mweupe, uliopata umaarufu Kombe la Dunia la 1970 kule Meksiko, una vipande 12 vyeusi vya pembe tano na 20 vyeupe vya pembe sita. Tatizo ni kwamba mashine haikai ikavihesabu, inachora tu kitu kinachofanana na mipira iliyowahi kuiona. Halafu picha yenyewe inaonyesha upande mmoja tu wa mpira. Kwa hiyo isimulie kile jicho litakachokiona:

```
classic football, one black pentagon facing the camera,
five white hexagons around it, five more black pentagons near the edge,
every black pentagon surrounded only by white hexagons
```

Picha ikitoka, ivute uangalie kona za mishono. Kila kona hukutana vipande vitatu, kimoja cheusi na viwili vyeupe. Ukiona vyeusi viwili vimegusana, au cheusi kina pembe sita, hiyo tupa. Katika picha zangu nne za mwanzo, ilipita moja tu. Na mpira uweke karibu na kamera, maana ukiwa mdogo kule mbali, mishono inavurugika hata uandike nini.

Nyasi nazo zina siri yake. Kamera iwe chini, usawa wa mpira, na majani machache yafunike kidogo kitako cha mpira. Bila hivyo mpira unaonekana unaelea. Kivuli cha mpira na cha mchezaji vilale upande mmoja. Halafu kuna kipimo ninachokipenda: kwa sheria za soka, mstari mweupe wa uwanja hauzidi upana wa sm 12, na mpira una kipenyo cha kama sm 22. Kwa hiyo mstari uliopita pembeni ya mpira usizidi sana nusu ya mpira. Ukiwa mpana kuuzidi mpira, hapo hata mtoto ataona kuna kitu hakipo sawa.

Sasa jezi, ambayo ndiyo yenye hela ya mtu. Nembo ya klabu kwa kawaida hukaa kushoto kwa mvaaji, upande wa moyo. Kwako wewe unayeitazama picha, hapo ni kulia. Ukiandika `left chest` peke yake, mashine inajichagulia kushoto kwa nani. Na usiiombe ichore nembo halisi wala jina la mdhamini, inaweza kukuletea herufi za kubuni. Omba jezi tupu yenye ngao nyeupe ya kushika nafasi:

```
plain blue football shirt, no text, small blank white shield
on the wearer's left chest (right side of the image)
```

Juu ya ngao hiyo unabandika nembo halisi isiyo na mandhari ya nyuma, kwa programu yoyote ya kuhariri picha. Ipindishe kidogo ifuate kifua, kisha punguza uzito wake kidogo ili mikunjo ya kitambaa ionekane kwa chini. Ukiacha hivyo hivyo, itaonekana stika. Jina la mdhamini nalo libandike katikati kwa mtindo huo huo. Mdhamini wetu alivuta jina lake kwenye simu, akasoma herufi moja moja, akasema, "Hii sawa, endeleeni."

Ila picha hiyo ni ya kupost tu. Fundi wa kuchapa jezi usimpe hiyo, kwa sababu nembo imeshapinda na ina vivuli ndani yake. Mpe faili safi la nembo, lililonyooka, na vipimo vyake kwa sentimita. Picha inamwonyesha wapi pa kuiweka, basi.

Haya, nyie mnaochora za timu zenu, kipi kinawasumbua zaidi: mpira au nembo?